Gemu la mpira limeandikwa 3, mtoto ana miaka 9: ninunue?

MamaKaisari: Naombeni ushauri. Mwanangu anataka EA Sports FC 25 ya PS4. Kasha lina 3 ya kijani. Je, si la watoto wachanga? Halina madhara?

Mzee_wa_Pedi: 3 haimaanishi urahisi wa kucheza. Ni kwamba hamna damu wala matusi. Nunua tu.

KitaluKipya: Kwa hiyo GTA V ni sawa kwa wa miaka 13? Wangu anasema anaendesha magari tu.

Bi_Skrini: Hapana, KitaluKipya, hiyo ni 18. MamaKaisari, geuza kasha. Nyuma kuna kipicha cha mkono ulioshika kadi, na maneno In-Game Purchases (Includes Random Items). Maana yake unalipa kabla ya kujua utapata mchezaji gani kwenye pakiti. Ile 3 inahukumu kinachoonekana na kusikika ndani ya gemu lenyewe, si mazungumzo ya mtandaoni. Ujerumani waliipa FC 24 umri wa 12, kwa sababu huko msukumo wa kununua nao unahesabiwa. Mbona una wasiwasi, kuna kilichotokea?

MamaKaisari: Mwezi uliopita kadi yangu ilikatwa shilingi 140,000 kwenye toleo la mwaka jana. Ila ameahidi hatarudia.

Shahidi_Macho: Hii umetunga. Akaunti ya mtoto ya PlayStation kikomo chake cha matumizi huanzia sifuri. Pesa ingekatwaje?

MamaKaisari: Sijatunga! Anatumia akaunti yangu. Kumfungulia yake ni usumbufu, na arbuni ya gemu nimeshatoa.

Mzee_wa_Pedi: Wazazi wa siku hizi mnawaachia watoto kila kitu.

Bi_Skrini: Lawama haitamrudishia pesa. Shahidi yuko sahihi kuhusu kikomo, lakini kinafuata akaunti, si diski. Kwa mashine yako, huyo mtoto ni mtu mzima mwenye kadi.

Ingia Settings, Parental Controls/Family Management, kisha Family Management, umwongeze kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Kikomo kiache sifuri, na uzuie mawasiliano na wachezaji wengine. Halafu kwenye akaunti yako toa kadi, au washa Require Password at Checkout, na umfiche nywila. Weka pia nambari ya siri ya kuingilia akaunti yako, la sivyo atarudi huko huko. Diski itafunguka kwenye akaunti yake bila shida.

MamaKaisari: Na timu yake? Atalia.

Bi_Skrini: Wachezaji wa toleo la mwaka jana hawahamii FC 25. Hata kwako angeanza upya, kwa hiyo badilisha akaunti kabla hajafungua hilo jipya. Akishajenga timu kwenye akaunti yako, hutaweza kuihamishia kwake.

KitaluKipya: Na mimi na GTA? Nimeshamnunulia.