Nataka kuvunja mkataba wa intaneti ila fundi kaandika "huduma iko sawa". Faini naikwepaje?

MamaZuu:
Wakuu, habari za jioni. Nina mkataba wa intaneti ya nyumbani wa miezi 24, na huu ni mwezi wa tisa. Kifurushi ni cha Mbps 40. Asubuhi inakimbia vizuri, lakini kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku inashuka mpaka Mbps 3, na mimi kazi yangu ni ya saa hizo. Juzi nilikatika mara nne nikiongea na mteja, mwishowe akaomba tumalizie kwa simu. Niliona aibu sana.

Nimepiga huduma kwa wateja mara sita. Fundi alikuja saa nne asubuhi, akapima, ikasoma 38, akanipa fomu nikasaini. Sasa nikitaka kuondoka naambiwa tatizo lilishatatuliwa, nilipe ada ya miezi 15 yote iliyobaki. Naombeni ushauri.

Kifaru_Mpole:
Dada, acha kulipa tu. Wao ndio wamevunja mkataba kwanza. Na sheria inasema wasiporekebisha ndani ya siku 30 unatoka bure.

MzeeWaNguzo:
Kifaru, hizo siku 30 zipo kwenye mwongozo wa Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano Uingereza, na zinazibana kampuni zilizokubali mwongozo huo tu. Si kila mahali. Na kuacha kulipa ni hatari: leo wewe ndiye mlalamikaji, kesho unakuwa mdaiwa, na shauri zima linageuka kuwa la deni.

MamaZuu, nimekaa dawati la malalamiko miaka kadhaa. Kilichokukwamisha ni ile fomu. Ukisaini bila kuandika neno, tiketi ya malalamiko yako inafungwa. Laini yako haina ubovu ambao fundi angeuona asubuhi. Dalili zote ni za msongamano, watu wengi wakiingia jioni kwenye njia moja. Kwa hiyo fungua tiketi mpya na useme wazi: "Tatizo linatokea saa moja hadi saa tano usiku, naomba vipimo vya saa hizo." Fundi akija tena asubuhi, andika kwenye fomu kabla ya kusaini kwamba saa za tatizo hazikupimwa, kisha uipige picha.

Swali moja: ulipima kwa waifai au kwa kebo?

MamaZuu:
Waifai, kwa simu, nikiwa chumbani.

MzeeWaNguzo:
Hapo watakushinda. Watasema ni kuta za nyumba yako. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima vifaa vingine, upime saa mbili na saa nne usiku kwa siku 10, na mara moja asubuhi ili tofauti ionekane. Kila kipimo kipige picha ya skrini yenye tarehe na saa. Ikianza kukatika, endesha hizi mbili:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza ni ruta yako (namba hiyo huwa chini ya ruta, yako inaweza kuwa tofauti). Ya pili ni seva ya Google, iko nje kwenye intaneti. Ya kwanza ikijibu vizuri huku ya pili inapoteza majibu, basi tatizo limeshavuka mlango wako.

Kisha soma mkataba. Kama umeandikwa "hadi Mbps 40", usidai 40, utapoteza muda. Tafuta kama kuna spidi ya chini waliyoahidi. Isipokuwepo, dai kwamba huduma haitumiki kwa muda wa saa nne kila siku.

Bahari_Tulivu:
Mimi nilihamia nyumba mpya, mtandao wa simu haushiki kabisa, wakanitoza faini. Na mimi nidai hivyo hivyo?

MzeeWaNguzo:
Yako ni tofauti, ndugu. Uliyehama ni wewe, huduma waliyokuahidi ilikuwepo. Omba kama hisani, au kuhamishia mkataba kwa mtu mwingine kama masharti yao yanaruhusu.

MamaZuu (siku 19 baadaye):
Nimerudi, wakuu. Nilipima siku 10 kwa kebo. Kipimo cha juu kabisa cha usiku kilikuwa 6, asubuhi haijashuka chini ya 35. Nikaandika barua pepe yenye namba za tiketi zote saba, nikawapa siku 14 warekebishe au wafunge mkataba bila faini, na nikaomba mchanganuo wa hiyo faini. Bili naendelea kulipa.

Siku ya sita wakapiga simu: wanafuta ada ya miezi iliyobaki, ila nilipe salio la ruta.

MzeeWaNguzo:
Usikubali kwa simu. Waambie waandike. Ukirudisha ruta, dai risiti yenye namba ya ruta ya kiwandani, yaani serial number, na usisimamishe malipo ya benki mpaka upate bili ya mwisho inayosoma sifuri.

Kifaru_Mpole:
Lakini kwa nini alipe ruta ambayo huduma yake haikufanya kazi? Mimi nisingelipa.

MzeeWaNguzo:
Hoja unayo. Kama mkataba unasema ruta ni ya kampuni, airudishe tu asilipe kitu. Kama aliuziwa kwa awamu, ni yake, na hapo sioni njia rahisi.

MamaZuu:
Mkataba unasema "kifaa kinatolewa pamoja na huduma". Basi. Hausemi ni cha nani. Nimewaandikia leo kuwauliza.