Jalada la menyu: picha tano za samaki wa kupaka

Ami Swaleh: Asalam aleikum nyote. Nimeweka hapo juu picha tano za samaki wa kupaka. Mchapaji anataka picha ya jalada kesho kabla ya saa sita mchana. Menyu ni A4 ya kusimama, inatobolewa upande wa kushoto na kutiwa waya, na jina la mkahawa litakaa juu. Nichagulieni.

Kassim: Waaleikum salam Ami. Namba 3, sina shaka nayo. Samaki wawili wamejaa picha nzima na rangi inawaka.

Shangazi Mwanaisha: Namba 1 ina wali mwingi. Bei ni ile ile?

Ami Swaleh: Dada, bei haijaguswa. Tunatafuta picha ya kuweka mbele ya menyu.

Shangazi Mwanaisha: Haya, nimeelewa sasa.

Nuru: Waaleikum salam Ami. Kabla hamjapiga kura, zitazameni zote tano zikiwa ndogo kama stempu, simu ikiwa mbali kadiri ya mkono, na macho myafumbe nusu. Jalada huonekana kwanza likiwa juu ya meza ya jirani au mkononi mwa mhudumu, kwa hiyo picha ambayo hapo bado inajulikana kuwa ni samaki ndiyo ya kuendelea nayo. Mimi nikifanya hivyo nabaki na 2 na 3. Namba 1 inakuwa duara jeupe, namba 4 ni mng'ao wa fleshi katikati, na 5 ni tonge la njano.

Kassim: 5 ina mvuke lakini. Mvuke unaonyesha chakula ni cha moto.

Nuru: Mvuke huonekana ukiwa na giza nyuma yake na mwanga ukitokea nyuma au ubavuni. Hapo nyuma ni ukuta mweupe, ndiyo maana inaonekana kama lenzi ina ukungu. Halafu simu imeshushwa hadi usawa wa sahani. Samaki mzima amelala, ukimtazama kutoka hapo anakuwa ufito tu. Anataka kutazamwa kutoka juu kidogo, vile mtu aliyeketi anavyoiona sahani iliyo mbele yake. Namba 2 imepigwa hivyo.

Shangazi Mwanaisha: Na keki zangu je? Mimi huzipiga kutoka juu kabisa na watu hawaulizi bei.

Nuru: Shangazi, keki yako ina tabaka tatu na kutoka juu hazionekani hata moja. Hiyo ndiyo ishushie simu mpaka usawa wake.

Kassim: Namba 1 isitupwe. Sahani nyeupe ndiyo sheria ya picha za chakula, na ile rangi mbaya naitoa kwa filta dakika moja.

Nuru: Sahani nyeupe ni nzuri chakula kikiwa na rangi hadi ukingoni. Hapa wali wa nazi umefika ukingoni, mweupe juu ya mweupe, huoni wali unaishia wapi. Na kuhusu filta, ikuze picha uangalie wali peke yake. Upande wa kushoto una ubluu wa dirishani, upande wa kulia una ukijani wa taa ya tyubu iliyo juu. Taa ingekuwa moja, ungeirekebisha picha nzima kwa mara moja na wali ungerudi mweupe. Zikiwa mbili, ukiondoa ukijani wa kulia, ubluu wa kushoto unageuka zambarau, na samaki amelala katikati ya hizo mbili. Ndiyo maana kichwa chake kina rangi nyingine na mkia una nyingine.

Kassim: Kweli, nimeiona kwenye wali. Kwenye samaki sikuigundua.

Nuru: Kwenye samaki ni vigumu, maana hatujui hasa rojo lilikuwa na umanjano kiasi gani. Wali tunajua unapaswa kuwa mweupe, basi ndio wa kupimia.

Bi Zuhra: Mimi niliyempika nina neno juu ya namba 3. Yule samaki alikaa sana kabla ya kupigwa. Tui zito likipoa linafanya utando juu, na ule mng'ao unakufa. Tazameni mgongoni, rojo limekuwa kama rangi ya ukutani. Namba 2 alipigwa mara tu nilipompaka mara ya mwisho na kumtoa motoni, na zile sehemu zilizoungua kidogo bado nyeusi, rojo linang'aa pembeni yake. Mtu anayemjua samaki wa kupaka anatafuta kule kuungua. Bila hivyo atadhani ni samaki wa mchuzi.

Bi Zuhra: Na jambo jingine, namba 3 ni samaki wawili. Sahani yetu ni mmoja. Mteja ataonyesha jalada kwa kidole na wewe Ami ndiye utakayejibu.

Ami Swaleh: Hilo la wawili limenitosha. Sitaki ubishi mezani.

Nuru: Hata angekuwa mmoja, namba 3 imepigwa kwa kulala. Ina pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Jalada limesimama, kwa hiyo nikiikata ilingane nalo, karibu nusu ya upana inaondoka, na kinachobaki ni kiwiliwili bila kichwa wala mkia. Jina pia halina pa kukaa, labda juu ya magamba.

Kassim: Si unaweka jina ndani ya kisanduku cheusi?

Nuru: Naweza, lakini kisanduku kitamfunika samaki tuliyemlipia mpiga picha. Namba 2 ina mbao za meza tupu pale juu, karibu theluthi ya picha, zimetulia na ni nyeusi kiasi. Herufi za rangi ya krimu zitasomeka hapo bila kisanduku.

Ami Swaleh: Basi ni 2. Nitume?

Nuru: Ngoja Ami, 2 ina kasoro mbili. Ya kwanza ni lile bakuli la kachumbari pembeni kulia chini. Fumba macho nusu tena uone jicho linakwenda wapi kwanza. Linakwenda kwenye nyanya, kisha ndiyo samaki. Ndiyo nyekundu peke yake pale na imepigwa na jua la dirishani. Ya pili ni mkia, umegusa ukingo wa kushoto, na kushoto ndiko kwenye waya. Matundu yatakula kama sentimita nzima na mkia utatobolewa.

Kassim: Igeuze kama kwenye kioo, mkia uende kulia.

Nuru: Hapo mkia utakwenda upande unaokatwa na mashine. Mchapaji anataka picha izidi milimita 3 kila upande ili akikata pasibaki mstari mweupe, na mashine haikati sawasawa kila karatasi. Mkia unaogusa ukingo una hatari pande zote mbili. Isitoshe, kachumbari litahamia kushoto na kutobolewa lenyewe.

Ami Swaleh: Sasa dawa ni nini?

Nuru: Picha 2 imesimama, pikseli 3000 kwa 4000. A4 pamoja na zile milimita 3 ni milimita 216 kwa 303, nyembamba kidogo kuliko picha. Kwa hiyo lazima niondoe pikseli kama 150 za upana, ambazo kwenye karatasi ni sentimita 1 na kidogo. Watu wengi hugawa nusu kwa nusu. Mimi nitazitoa zote kulia, na kachumbari litakatwa karibu nusu ya bakuli. Bakuli lililokatwa nusu linaonekana limekusudiwa; lililogusa ukingo tu ndilo linaloonekana kosa. Kisha zile nyanya nazififisha kidogo, zenyewe tu.

Ami Swaleh: Na mkia?

Nuru: Mkia unabaki pale pale, ila mbao za kushoto nitazirefusha kwa kunakili mbao hizo hizo, sentimita moja na nusu, na kuipunguza picha kidogo ili yote iingie. Urefu utakaopungua nitaujaza kwa kuzirefusha mbao za juu vile vile. Mbao zina mistari iliyonyooka, haitajulikana. Ingekuwa mkeka wa ukili nisingethubutu, ule msuko ungekatika waziwazi.

Kassim: Basi niachieni rangi. Naongeza ukolezi kwa 40, rojo litawaka.

Nuru: Kassim, kwenye simu litawaka kwa sababu kioo kinatoa mwanga wake chenyewe. Karatasini ni wino nne tu, na machungwa makali ya kioo hayafikiki kwa wino. Yote yaliyopita kiwango yatashuka na kuwa rangi moja, na hapo vijistari vya tui na chembe za bizari vinapotea. Utabaki na bamba. Kama ni kuongeza, isizidi 10. Afadhali uinue kivuli cha upande wa kulia kidogo.

Nuru: Kinachofanya rojo la 2 lionekane ni ile sahani ya bluu. Machungwa na bluu husukumana, kila moja huikoleza nyingine. Ila bluu ikichapwa huelekea zambarau ikiwa wekundu wa wino umezidi, hiyo nitaiangalia kwenye karatasi ya majaribio.

Shangazi Mwanaisha: Mimi lile jicho la samaki silitaki kwenye jalada. Linanitazama.

Bi Zuhra: Wifi, samaki bila kichwa mtu atajuaje alikuwa mbichi?

Kassim: Wageni wa hotelini wengi hawapendi kichwa, nipo na Shangazi.

Bi Zuhra: Na wa mjini wakiona hakuna kichwa wataulizana kimeenda wapi.

Ami Swaleh: Hilo nitalilalia. Nuru, ukikata kichwa picha inabaki?

Nuru: Haibaki, Ami. Kichwa ndicho kilichopata mwanga mzuri kuliko sehemu yote. Kama hakitakiwi, tupige upya. Tafadhali nitumie picha yenyewe kama Document. Hii iliyo hapa WhatsApp imeshaibana, nimepata pikseli 1200 kwa 1600. Kwa A4 ni kama nukta 134 kwa inchi, maandishi yatakuwa makali na samaki ana ukungu. Ile ya asili inatupa zaidi ya 300.

Ami Swaleh: Nimetuma. Mchapaji anauliza pia, plastiki ya kung'aa au isiyong'aa?

Kassim: Ya kung'aa, rangi zinakolea.

Nuru: Zinakolea kweli. Lakini taa zako za mezani zimening'inia chini, zitajirudisha usoni mwa menyu na jina halitasomeka mpaka mteja aiinamishe. Isiyong'aa inasomeka, ila weusi unafifia, na zile sehemu za kuungua za Bi Zuhra zitakuwa kijivu kidogo.

Bi Zuhra: Kijivu hapana.

Ami Swaleh: Mwambie achape mbili, moja ya kila aina, kwenye karatasi ile ile ya menyu. Tuziangalie usiku pale meza ya kona, si ofisini kwake.

Nuru: Sawa. Taa za pale zina umanjano, kwa hiyo umanjano wa picha nitaupunguza kidogo kuanzia sasa. Mchana wali utaonekana una ubaridi kidogo, msishtuke.

Shangazi Mwanaisha: Nuru, nimepiga keki kwa chini. Nikutumie?

Nuru: Nitumie Shangazi. Kwa Document.