Naombeni ushauri: mzazi akichelewa kumfuata mtoto, kituo kiwaandikie nini?

MamaTulizo: Habarini wakuu. Nina kituo kidogo cha kulea watoto mchana huku Mbagala. Tunafunga saa 11:30 jioni, ila wengine wanafika saa 1, wengine wanatuma bodaboda. Nimeshachapa karatasi ya wazazi: "Baada ya saa 11:30 kituo hakihusiki." Inatosha?

Kipanga77: Weka faini elfu tano kila robo saa. Watakuja saa 10.

BibiZai: Mwanangu alisahaulika madrasa hadi isha. Tukamkuta kwa mwalimu anakula ubwabwa, kuondoka hataki.

UstawiMstaafu: Futa hiyo sentensi. Mtoto akiwa ndani ya geti lako ni wako, hata saa 4 usiku. Ila kuna jambo limetokea, sema.

MamaTulizo: Kwani lazima liwe limetokea? Haya. Ijumaa alinipigia mama wa mtoto kwa namba ngeni, anamtuma mdogo wake na bodaboda. Nikamtoa. Kumbe aliyepiga ni shangazi upande wa baba, na wazazi wametengana. Mtoto yuko salama jamani! Na alimkimbilia mwenyewe, "anko, anko". Ningemzuiaje?

UstawiMstaafu: Mtoto kumkimbilia mtu siyo ruhusa. Fomu iwe na watu wazima watatu, picha na simu zao, na anayebadilisha majina ni aliyesaini tu. Ukipigiwa na namba ngeni, kata, kisha piga wewe namba iliyo kwenye fomu. Ungefanya hivyo Ijumaa, mama angeshangaa palepale. Bodaboda naye, hata awe wa kila siku, kama hayumo kwenye orodha hapewi.
Kuchelewa: ningekuwa wewe, 11:45 naanza kupiga, mzazi kwanza, kisha wale watatu. Saa 1 hajapatikana hata mmoja, namjulisha afisa ustawi au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto nayo ipo. Muda wote huo wanabaki wahudumu wawili, na hakuna kwenda na mtoto nyumbani. Haya yote wazazi wayasome kabla ya kusaini. Faini idai kwenye ada ya mwezi, usimshikilie mtoto geti.

Kipanga77: Na baba? Si wake?

UstawiMstaafu: Hapo pagumu. Mama akisema baba asipewe, omba nakala ya amri ya mahakama. Asipokuwa nayo, neno lake peke yake litakuweka katikati ya ugomvi wao.

Mdadisi: Samahani, huyu si ndiye aliyekuwa anauza kuku wa kienyeji Singida mwezi wa tatu? Chai hii.

MamaTulizo: Kuku ni wa mume wangu, akaunti tunatumia wote!

Kipanga77: Kuku nao wanafuatwa na anko?

BibiZai: Jogoo shilingi ngapi?

MamaTulizo: Sentensi nimefuta. Ila mhudumu wa pili anakaa Chanika. Akibaki hadi saa 1, nauli na muda wake analipa nani?