Fundi kalipwa afungue folda ya mhasibu aliyeondoka, kaiacha wazi kwa ofisi nzima!

Mtu wa Ujiji:
Wakuu, nina hasira na sitaficha. Ofisi yetu iko Mwanga hapa Kigoma, tunauza dagaa kwa jumla. Mhasibu wetu aliacha kazi, akaunti yake kwenye kompyuta ya ofisi ikafutwa, na folda yake ya `D:\Mahesabu` ikagoma kufunguka. Kila ukibofya inaleta "You don't currently have permission to access this folder". Bosi akaita fundi, akamlipa elfu hamsini.

Kweli ikafunguka, ila ikafunguka kwa kila mtu! Juzi kijana wa stoo kanifuata kuuliza kwa nini mshahara wa dereva unazidi wake. Kausoma wapi? Humo humo. Nikaingia Properties, Security, nakuta Everyone kapewa Full control. Kwenye Advanced, palipoandikwa Owner, hakuna jina, kuna namba ndefu inayoanza S-1-5-21. Fundi alijitengenezea akaunti, akajimilikisha folda, kisha akaifuta akaunti hiyo na kuondoka. Nimempigia, ananijibu: "Si mlitaka ifunguke?" Hivi hii ni kazi ya kulipwa? Naifungaje kabla mtu hajafuta hesabu za mwaka mzima?

Kijana wa Kasulu:
Pole mkuu. Tengeneza akaunti yenye jina lile lile la mhasibu, folda itamtambua mwenyewe.

Mnyanyembe:
Haitamtambua, ndugu yangu. Windows haiangalii jina, inaangalia ile namba, na akaunti mpya hupewa namba mpya hata ukiiita vilevile.

Mtu wa Ujiji, hasira yako ni ya haki. Kwenye amri ya kuchukua umiliki, huyo fundi aliruka herufi moja tu, `/A`. Ukiiweka, umiliki unakwenda kwa kundi la Administrators. Usipoiweka, mmiliki anakuwa yule aliyekaa kwenye kiti siku hiyo, naye akiondoka mnarudi mlikotoka. Kwanza nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Kisha fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike:

```
takeown /F "D:\Mahesabu" /A /R /D Y
icacls "D:\Mahesabu" /reset /T /C
```

Ya kwanza inarudisha umiliki. Ya pili inafuta ruhusa zote alizobandika, Everyone ikiwemo. Na uishie kwenye folda hiyo, usiguse `C:\Windows`.

Kijana wa Kasulu:
Kumbe! Basi hapo kazi imekwisha.

Mnyanyembe:
Bado, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Baada ya `/reset` folda inarithi ruhusa za D: yenyewe, na kwa kawaida diski kama hiyo inamruhusu yeyote mwenye akaunti kwenye kompyuta kusoma na hata kufuta. Kijana wa stoo bado yumo. Kata urithi, uwape wanaohusika peke yao, tena kwa kundi, si kwa jina la mtu:

```
net localgroup Uhasibu /add
net localgroup Uhasibu neema /add
icacls "D:\Mahesabu" /inheritance:r /grant:r "Administrators:(OI)(CI)F" "SYSTEM:(OI)(CI)F" "Uhasibu:(OI)(CI)M"
```

Hapo penye `neema` weka jina la akaunti ya mhasibu wenu wa sasa. M inamtosha: anasoma, anaandika, anafuta, ila hawezi kugawa ruhusa za folda hiyo kwa wengine. Akiondoka, unamtoa kwenye kundi na folda huigusi. Atoke kwenye akaunti na kuingia upya, la sivyo kundi halitamfikia.

Dada wa Kibondo:
Samahani, mimi Eksel yangu inadai paswedi na aliyeiweka ameondoka. Hizi amri zitaifungua?

Mnyanyembe:
Hapana dada. Paswedi hiyo imefunga faili lenyewe, umiliki wa folda hauigusi.

Mtu wa Ujiji:
Nimefanya zote. Kwenye Owner sasa inasoma Administrators, na nimeingia kwa akaunti ya stoo, imenikatalia. Asante sana kaka. Ila kuna mafaili machache yana alama ya kufuli dogo, nayo yanasema Access denied hata kwangu mimi admin.

Mnyanyembe:
Hayo yamesimbwa kwa akaunti ya mhasibu wa zamani. Umiliki hausaidii, unahitajika ufunguo wake. Muulize kama aliwahi kuhifadhi cheti chake, faili linaloishia na `.pfx`. Na angalia kama folda yake ndani ya `C:\Users` bado ipo. Kama ipo, msiifute wala msipige Windows upya.

Mtu wa Ujiji:
Ipo. Mhasibu nimemwandikia, hajajibu. Na fundi nimemwambia wazi arudishe ile elfu hamsini, maana kazi aliyolipwa nimeifanya mimi.

Kijana wa Kasulu:
Mkuu, kama hakuna cheti, hiyo folda ya `C:\Users` inatosha peke yake?

Mnyanyembe:
Ufunguo umo humo, lakini umefungwa kwa paswedi yake ya zamani. Bila yeye kuitaja sitakuahidi kitu.