Acheni kusambaza msimbo wa Mandelbrot unaotia weusi mahali pasipo ndani!

Fundi_Pikseli: Nimechoka. Kuna msimbo unapitishwa mkono kwa mkono, watu wanausifia kwa kasi, kumbe una kosa baya. Baada ya kila hatua ya z²+c unalinganisha z na z iliyohifadhiwa. Zikikaribiana kwa chini ya 0.001, unatangaza kuwa kuna mzunguko na kupaka nukta nyeusi.

Jaribuni c = -0.75 + 0.001i. Nukta hii iko NJE, hutoroka baada ya hatua kama 3143. Ila huko kati z hutambaa: ukilinganisha kila baada ya hatua mbili, pembamba kabisa inasogea kama 0.00002 tu. Msimbo huo unaikatia tamaa kabla ya hatua ya 200. Bonde zima la karibu na -0.75 linajaa weusi wa uongo!

Andikeni hivi, kikomo kikianza na 8 na zk ikianza na 0:

```
if abs(z - zk) < 1e-12: return NDANI
if n == kikomo:
    zk = z
    kikomo *= 2
```

Juma_Rangi: Ongeza tu idadi ya hatua, kaka. Weka 10000.

Fundi_Pikseli: Haisaidii! Nukta imeshahukumiwa kwenye 130 hivi. Hatua zilizobaki hazifikiwi kamwe.

Mama_Hesabu: Juma yuko sahihi nusu: ukiweka hatua 1000 tu, nukta hiyo itakuwa nyeusi hata bila njia ya mkato ya kulinganisha. Vyote viwili vinahitajika. Na kabla ya yote, chujeni moyo mkubwa na duara la kushoto bila kupiga hatua hata moja, c ikiwa x + yi:

```
q = (x-0.25)**2 + y*y
q*(q + x-0.25) <= y*y/4
(x+1)**2 + y*y <= 1/16
```

Moja kati ya mbili za mwisho ikitimia, nukta ni ya ndani.

Kivuli88: Mimi natumia hizo kwenye picha za Julia, zinaniharibia kila kitu. Halafu rangi zangu zina mistari ingawa nimeweka n + 1 - log2(log|z|).

Mama_Hesabu: Mwanangu, kwenye Julia c haibadiliki, kinachobadilika ni z ya mwanzo. Hizo kanuni zinapima c, ziondoe. Mistari ni jambo jingine: unasimamisha kwenye |z| > 2, sivyo? Kanuni hiyo inajifanya c haipo, na z ikiwa ndogo c bado ina uzito. Simamisha kwenye 256; ni hatua chache tu za ziada.

Kivuli88: Ni 2 kweli. Mistari imeondoka.

Mama_Hesabu: Fundi, 1e-12 nayo si msahafu. Ukikaribia -0.75 mara 100 zaidi, mwendo ule mdogo unapungua mara 1000. Ukifika 0.00000001i, umeshashuka chini ya 1e-12.

Fundi_Pikseli: Nukta hiyo inadai hatua milioni 314, nani ataichora? Kinachonisumbua ni mioyo midogo ukivuta ndani sana. Huko sijui kama tupime kwa upana wa pikseli au tuache 1e-12.

Mama_Hesabu: Kwa upana wa pikseli peke yake, hapana. Kwenye bonde lako pikseli ya 0.001 ndiyo hiyo hiyo 0.001 unayoilalamikia.