Bosi alikuwa akisoma imeili zangu, sasa ataka nitie sahihi fomu

Binti wa Kisauni:
Hamjambo wenzangu. Niko kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, mwaka wa nne huu. Kazi yangu ni makaratasi na kufuatana na wateja, na yote hupitia imeili ya ofisi. Wiki jana meneja kaniita, kaniuliza mimba yaendeleaje. Sikuwa nimemwambia mtu pale, hata jirani yangu wa meza. Ni kliniki iliyonitumia tarehe ya miadi kwa imeili ya kazi, maana siku ya kujiandikisha niliwapa anwani iliyonijia kwanza kichwani.

Kijana wetu wa kompyuta kanitobolea siri: tangu Machi, kila barua inayoingia kwangu nakala yake huenda kwa meneja. Sababu yao ni kwamba mteja mmoja alitumiwa ankara ya uongo yenye akaunti nyingine ya benki, akalipa huko. Hilo kweli lilitokea. Ila sisi hatukuambiwa neno. Leo twaletewa fomu ya "kuridhia kufuatiliwa", na tarehe iliyochapwa ni ya Januari! Nitie sahihi?

Baharia Mstaafu:
Mwanangu, kompyuta yao, stima yao, imeili yao. Tia sahihi ulinde unga wako.

Chiku wa Likoni:
Kwetu hotelini waliweka kamera stoo, na nyama zikaacha kupotea. Mie naona ni nzuri tu. Ama si kamera? Nimesoma mbiombio nikishuka feri.

Mtu wa Seva:
Mzee Baharia, umeshika nusu. Seva ni yao, na wana haki ya kuilinda. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yamtaka mwajiri aseme kabla ya kukusanya: achukua nini, kwa sababu gani, na nani atakiona. Tena asichukue zaidi ya haja yake.

Tutazame haja yenyewe. Mwizi wa ankara hubadilisha herufi moja kwenye anwani ya mtumaji, au huingia kwenye sanduku la karani na kuweka amri ya kupeleka barua kwake kimyakimya. Ukitaka kumnasa, unakagua nani kaingia kutoka wapi, amri zipi zimewekwa, na barua zinazotaja kubadili akaunti. Halafu mteja apigiwe simu kwa nambari ya zamani kabla hajalipa. Miadi ya kliniki haimo humo hata chembe. Na anayesoma asiwe meneja yule yule anayeamua likizo yako.

Kuhusu fomu, "nimeipokea ilani" si sawa na "naridhia". Ridhaa sharti itoke kwa hiari, na mtu anayeogopa kufutwa ana hiari gani? Andika kwa mkono "nimepokea leo", weka tarehe ya leo, kisha uipige picha.

Mtaka Haki:
Dada, futa imeili zote usiku huu! Katiba ibara ya 31 inakataza kabisa. Bosi huyo afungwe.

Mtu wa Seva:
Usifute kitu. Nakala anazo tayari, nawe utaonekana unaficha ushahidi. Na ibara ya 31 haikusema mwajiri asitazame kabisa. Yazuia mambo ya familia na ya faragha kudaiwa au kufichuliwa pasipo lazima, na ugomvi wote uko kwenye hiyo "lazima". Mwaka 2017 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ilimpa ushindi mhandisi wa Romania, Bărbulescu, ingawa kampuni yake ilikuwa imepiga marufuku mazungumzo binafsi. Hakuwa ameambiwa mapema kwamba wangesoma hadi maneno yenyewe. Haibani majaji wa Kenya, lakini wakili aweza kuitaja.

Karani wa Zamani:
Mimi nilijitumia barua za ofisi kwenye Gmail yangu ziwe ushahidi. Nikafutwa kwa kutoa majina ya wateja nje, na ushahidi wenyewe haukunifaa. Dada, omba kwa maandishi wakupe data yako waliyo nayo.

Mtu wa Seva:
Kweli, na kanuni za 2021 zawapa siku 7 wakujibu. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Ofisi ile hupewa siku 90.

Binti wa Kisauni:
Nimetia sahihi kama mlivyosema, tarehe ya leo. Afisa wa wafanyakazi kakunja uso lakini kapokea, na meneja hapati nakala tena. Zile za tangu Machi wasema watazifuta. Kijana wa kompyuta anininong'oneza kwamba zimo pia kwenye chelezo za kila wiki, na hajui kuchomoa barua moja moja.

Baharia Mstaafu:
Na meneja atafutwa kichwani vipi? Mimba keshaijua.

Binti wa Kisauni:
Ndilo linaloniuma, mzee wangu. Nimepiga kliniki wabadilishe anwani. Wamesema sawa, watanitumia nambari ya kuthibitisha. Wameituma kwa imeili ya kazi.