Naomba ushauri: kusafisha mashine ya kufulia ikiwa tupu, nyuzi 60 au 90?

Wakuu, naomba ushauri. Mashine ni ya mlango wa mbele, na nguo hufuliwa kwa nyuzi 30 hadi 40 tu. Kwa joto hilo mabaki ya sabuni na dawa ya kulainisha nguo hujenga utelezi wenye harufu, hasa kwenye mikunjo ya mpira wa mlango.

Kila mwezi naiendesha tupu kwa nyuzi 90, na gramu 100 za unga wa kung'arisha wenye oksijeni ndani ya dramu. Siki nimeiacha, maana ikirudiwa huchakaza mpira. Ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu.

Je, kwa unga huu nyuzi 60 zinatosha kuondoa utelezi?